Ukurasa Ulioshindwa Kujibu Swali la Mama



Mwanzoni mwa mwaka huu mama mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa na kijitabu mkononi. Yeye na ndugu zake wanne walichanga fedha, wakazikabidhi kwa jumuiya moja ndogo ya sadaka inayofanya kazi Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, ili kichimbwe kisima na kiwekewe pampu ya mkono kwa niaba ya baba yao marehemu. Ilikuwa nia yao iwe sadaka ijariyo, ambayo thawabu zake hazikatiki mwenyewe akiwa kaburini. Mpwa wake, ambaye ni dereva wa lori, alipita huko akaikuta pampu imenyamaza, mkono wake umefungwa kamba. Mama yule alikifungua kijitabu ukurasa wa kwanza, wenye kichwa "Sisi ni Nani", akatusomea wote kwa utaratibu, kisha akauliza: "Sheikh, katika maneno yote haya, ni wapi pananiambia kama pampu ya baba inatoa maji?"

Tuliuchukua ukurasa tukausoma wenyewe. Ulisema hivi: "Sisi ni jumuiya isiyotafuta faida, iliyojitolea kubadilisha maisha ya wanyonge wa Turkana kwa kuwapatia maji safi na salama. Kwa njia shirikishi na endelevu, watu zaidi ya 20,000 wamefikiwa na maradhi yamepungua kwa kiasi kikubwa. Toa zaka na sadaka yako leo ushiriki katika mabadiliko haya."

Hapakuwa na jibu la mama. Tulipompigia simu katibu wa jumuiya hiyo, kijana aliyelelewa Lodwar, neno lake la kwanza lilikuwa, "Sheikh wangu, sisi si wezi." Tukamwambia, "Hilo hatukulisema, mwanangu. Twauliza habari ya pampu." Akatueleza bila kusita: mpira wa pistoni ulikuwa umekwisha, kipuri kilikuwa Lodwar, na hakukupatikana wa kwenda kukileta. Alizijua siku zote pampu ile ilizosimama, kwani alikuwa ameziandika katika daftari. Basi mtu aliyekuwa na daftari la kweli alikuwa amechapisha ukurasa mtupu. Tulipomuuliza sababu, alisema kwamba ndivyo wanavyoandika wengine, na kwamba wafadhili hawapendi kusikia habari za pampu mbovu.

Kwa muda wa wiki kadhaa tuliuandika upya ukurasa ule pamoja naye kwa simu, na yeye akiwauliza mafundi na walinzi wa pampu kila tulipokwama. Jina la jumuiya hatulitaji kwa kuwa hawakutuomba kuwatangaza. Twaileta habari hii kwa sababu wasomaji wetu wengi wamo katika kamati za misikiti, za mayatima na za visima, na ukurasa wa namna ile hatudhani kuwa ni wa Lokitaung peke yake.

Wengi wetu twaijua Lokitaung kwa historia tu: ndiko alikofungwa Mzee Jomo Kenyatta na wenzake baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953. Ni nchi ya vilima vya mawe na laga, yaani mito ya mchanga ambayo hupita maji mvua inyeshapo tu, na wenyeji huchimba mchanga huo kwa mikono wakiyatafuta maji yaliyojificha chini. Tena ni watu waliokwisha kusikia matangazo mengi. Mwaka 2013 serikali na UNESCO zilitangaza kuwa hazina kubwa mno ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi, upande wa magharibi wa Turkana, na magazeti ya dunia yakaandika kana kwamba ukame umekwisha. Visima vya majaribio vilipochimbwa baadaye, maji yalionekana kuwa na chumvi isiyofaa kunywewa. Anayekwenda kwa watu hao na maneno "maji safi na salama" hana budi ajue kuwa wameyasikia hayo kabla yake.

Tulianza na neno la kusudio. "Kubadilisha maisha ya wanyonge" ni neno ambalo haliwezi kukanushwa, na kwa hiyo haliwezi kuthibitishwa. Tulimuuliza katibu: jana mlifanya nini? Akajibu kuwa fundi alikwenda kubadilisha fimbo ya pampu. Na juzi? Walikuwa wakisubiri mipira. Na mwaka mzima uliopita mlichimba visima vingapi vipya? Kimoja. Hapo likatubainikia jambo ambalo wenyewe hawakuwa wamelitambua: jumuiya ile yajiita wachimbaji wa visima, ilhali kazi yake hasa ni kuzitunza pampu zisife. Hilo si jambo dogo. Mtandao wa wataalamu wa maji vijijini ulipokusanya hesabu za nchi za Afrika miaka ya 2000, ulikadiria kuwa zaidi ya thuluthi moja ya pampu za mkono zilikuwa hazifanyi kazi. Wanaozindua pampu ni wengi kuliko wanaorudi kuitengeneza. Basi kusudio likaandikwa kwa kazi ifanywayo: kuchimba visima vichache, na kuhakikisha kila pampu iliyokwisha kuwekwa inatoa maji.

Neno "wanyonge" tuliliondoa. Mlinzi wa pampu mmoja, mama wa Kiturkana ambaye hufungua na kufunga pampu kila siku bila malipo, atausomewa ukurasa huu na mwanawe. Hatukuona haya yanafaa kuitwa yeye.

Njia ilikuwa nyepesi zaidi, mradi tuyafukuze maneno "shirikishi na endelevu". Pampu zao ni za aina ya Afridev, ambayo watu wa Pwani wana haki nayo kidogo: mifano yake ya awali ilijaribiwa kwetu Kwale katika miaka ya 1980, ikatengenezwa makusudi ili mwanakijiji aweze kuifungua na kubadilisha mipira yake kwa spana moja bila kungoja gari la winchi. Lakini sifa hiyo yafaa kitu tu iwapo mpira wenyewe upo karibu. Ndiyo sababu njia yao ilipaswa kueleza mambo ambayo ukurasa wa zamani ulikuwa umeyafunika: nani huona kwamba pampu imesimama, humwambia nani, fundi hutoka wapi, kipuri huwekwa wapi na hulipiwa na nani.

Hapo kwenye malipo palikuwa na ukakasi. Katibu alitaka iandikwe kuwa wananchi huchangia matengenezo kila mwezi. Tukamuuliza kama huchangia kweli. Akacheka, akasema kuwa wafugaji huhama na mbuzi wao kufuata malisho, na kwamba miezi ya kiangazi kikali katika baadhi ya pampu hubaki wazee na akina mama wachache wasio na shilingi. Huchangia mvua inyeshapo na wanapouza mbuzi; miezi mingine hulipa jumuiya. Basi tukaandika hivyo hivyo. Mfadhili mwenye akili akisoma kuwa wafugaji wa Turkana hulipa ada ya kila mwezi bila kukosa, ndipo atakapoanza kutilia shaka na mengine.

Sasa tuingie katika ushahidi, ambako tulikaa siku nyingi kuliko kwingine kote.

Katika madrasa tulifundishwa kuwa wataalamu wa hadithi hawakutazama maneno tu, walitazama mapokezi. Msimulizi akisema "ametuhadithia fulani" amejifunga: ama alikutana naye au amesema uongo. Lakini akisema "kutoka kwa fulani", neno hilo lina mlango wa nyuma, kwani laweza kuficha mtu wa kati asiyetajwa. Kwa msimulizi ajulikanaye kwa kuficha, hawakulipokea hilo la pili mpaka abainishe. Tazama basi maneno ya ukurasa ule: "watu zaidi ya 20,000 wamefikiwa". Nani amewafikia? Nani aliwahesabu? Siku gani? Kitenzi kimefichwa mtendaji, na penye mtendaji aliyefichwa ndipo tulipokuwa tukisimama na kuuliza.

Hesabu ya 20,000 ilipatikana hivi. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada hukifuata katika dharura, hueleza kuwa pampu moja ya mkono isitumiwe na watu zaidi ya 500. Mtu mmoja wa jumuiya alizidisha 500 kwa pampu 8 walizokuwa nazo, akapata 4,000, kisha akazidisha kwa miaka 5 ya kazi. Kuna makosa mawili hapo. La kwanza, 500 ni mpaka wa juu wa msongamano, si idadi ya watu waliopo. Ni kama kusema kuwa msikiti wetu huswaliwa na watu 1,000 kwa sababu una nafasi ya watu 1,000. La pili, bibi yule yule anayeteka maji leo amehesabiwa tena mwaka wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano, kwa hiyo yeye peke yake amekuwa watu watano.

Tulipomwonyesha katibu, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza tuweke idadi gani. Tukamwambia tusiweke yoyote mpaka ihesabiwe. Akawaomba walinzi wa pampu tatu watie kijiwe kimoja ndani ya kopo kila dumu la lita 20 linapojaa, tangu alfajiri hadi pampu ifungwe, kwa siku moja ya kawaida. Kopo la kwanza lilikuwa na vijiwe 210, la pili 160, la tatu 95. Chukua hilo la kwanza: madumu 210 ni lita 4,200. Kitabu kile kile cha Sphere huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha kunywa, kupika na usafi. Gawanya 4,200 kwa 15 upate watu 280. Na hiyo nayo ni hesabu ya juu, maana baadhi ya madumu yale yalimwagwa katika hori la mbuzi. Kwa hiyo ukurasa mpya hautaji watu hata kidogo. Wataja madumu, kwa sababu madumu ndiyo yaliyohesabiwa.

Maradhi nayo yaliondolewa. Madai hayo yalitokana na mazungumzo na mhudumu wa zahanati, aliyesema kuwa mwaka ule waliougua tumbo walikuwa wachache. Yamkini ni kweli. Lakini mwaka ule ule familia nyingi zilikuwa zimehama na mifugo, na watu wanapokuwa wachache, wagonjwa pia huwa wachache. Jumuiya ya watu sita haina uwezo wa kutenganisha sababu hizo, na hakuna anayewadai waweze.

Na "safi na salama"? Tuliuliza maji yalipimwa nini. Jibu lilikuwa: chumvi na floraidi, mara moja, kisima kilipochimbwa. Katika Bonde la Ufa floraidi ni jambo la kuangaliwa, kwani ikizidi huharibu meno ya watoto na hatimaye mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Vijidudu havikuwahi kupimwa. Basi mtu aliyepima vitu viwili asiseme "salama" kwa ujumla wake. Aseme alichopima, na siku aliyopima.

Baada ya kukata hayo yote, katibu alihuzunika. "Sheikh, sasa tumebaki na nini?" Tulimwambia afungue daftari lake. Ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hata mashirika makubwa aghalabu hayana: kwa kila pampu, tarehe ya kusimama na tarehe ya kutengenezwa. Huo ndio ushahidi unaolingana na kazi yao. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya majaribio huko Kyuso, Kitui, wakaweka mfumo wa kutoa habari na kutengeneza haraka. Wastani wa siku za pampu kusimama ulishuka kutoka 27 hadi chini ya 3. Mwenye kazi ya maji huitambua hesabu ya namna hiyo mara moja. Kwa mama anayebeba dumu, siku 3 bila pampu ni taabu. Siku 27 ni kurudi kuchimba mchanga wa laga.

Daftari la katibu halikuwa la kujivunia. Pampu ya marehemu wa mama yetu ilikuwa imesimama siku 34. Kati ya pampu 9, siku ile 6 zilikuwa zikitoa maji, 2 zimesimama, na 1 imeachwa kabisa kwa kuwa maji yake yaligeuka chumvi. Alisita sana kuiandika hiyo ya chumvi. Alihofu kuwa familia iliyoitolea fedha itavunjika moyo. Tulimkumbusha kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandika deni na kuweka mashahidi, na kwamba fedha ya sadaka mikononi mwa wakala ni amana, na mwenye amana haruhusiwi kumchagulia mwenye mali habari za kumweleza. Aliiandika. Familia ile aliipigia simu yeye mwenyewe kabla ya kuchapa, na hilo lilikuwa jambo la busara ambalo hatukumfundisha sisi.

Palibaki neno moja la mwisho, na kwa watu wetu ndilo zito kuliko yote: "toa zaka na sadaka". Watekaji maji wa Lokitaung wengi wao si Waislamu. Sadaka ya hiari kwao ni halali, tena ina ujira. Lakini zaka ya wajibu ina mafungu yake manane, na jumhuri ya wanazuoni hawajuzishi apewe asiyekuwa Mwislamu, pamoja na hitilafu inayojulikana katika fungu la wanaotiwa nguvu nyoyo. Isitoshe, wengi wa mafakihi wa zamani, Mashafii wakiwemo, husema zaka lazima imilikishwe mstahiki, na pampu haimilikishwi mtu. Wako wanazuoni wa zama hizi waliolipanua fungu la njia ya Mwenyezi Mungu. Hatukukusudia kulimaliza suala hilo katika kijitabu. Lakini mtu wa Lamu au Mombasa anayetoa zaka yake kwa kuusoma ukurasa ule ana haki ya kujua iendako, asije akajikuta na deni la zaka ambalo alidhani amelilipa. Jumuiya iliamua kutopokea zaka kwa ajili ya maji.

Usajili tuliuweka kwa sentensi moja. Wao wamesajiliwa kuwa kikundi cha kijamii chini ya sheria ya mwaka 2022, wala si shirika chini ya ile Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma iliyoanza kutumika Mei 2024. Kujiita "shirika" kulikuwa kujivika kanzu ya mwingine.

Huu ndio ukurasa kama ulivyochapwa, isipokuwa jina na namba:

"Sisi ni kikundi cha watu sita, kilichosajiliwa Turkana kwa namba iliyoandikwa hapa chini. Tunatunza pampu 9 za mkono katika vijiji vinavyoizunguka Lokitaung, na fedha zikipatikana tunachimba kisima kipya, kwa kawaida kisichozidi kimoja kwa mwaka.

Kila pampu ina mlinzi anayeishi karibu nayo. Ikisimama, yeye au jirani yake humpigia simu mmoja wa mafundi wetu wawili. Mipira na fimbo za akiba huwekwa Lokitaung. Mabomba na vipuri vikubwa hutoka Lodwar. Wenyeji huchangia matengenezo wanapoweza. Katika kiangazi hawawezi, na hapo tunalipa sisi kutokana na sadaka zenu.

Siku ya kuandika ukurasa huu pampu 6 zinatoa maji, 2 zimesimama, na 1 tumeiacha kwa sababu maji yake yamekuwa ya chumvi. Pampu iliyosimama muda mrefu kuliko zote mwaka uliopita ilikaa siku 34 kwa kukosa mpira; tangu hapo ndipo tulipoanza kuweka akiba Lokitaung. Katika pampu tatu tulizohesabu kwa siku moja, yalitekwa madumu 465 ya lita 20, baadhi yake kwa mifugo. Maji ya kila kisima yalipimwa chumvi na floraidi kilipochimbwa. Hatujapima vijidudu, na hatujui kama maradhi yamepungua.

Tunapokea sadaka. Hatupokei zaka kwa kazi hii. Aliyetoa pampu akipiga simu ataelezwa hali yake ya siku hiyo kutoka katika daftari letu."

Ukurasa huu ni mrefu kuliko wa kwanza, na hauna utamu wake. Mjumbe mmoja wa kikundi aliupinga hadi mwisho akisema kuwa sentensi ya "hatujapima vijidudu" itawafukuza watu. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na hatukuweza kumhakikishia kinyume chake. Ilichotokea hadi sasa ni kwamba mtoaji mmoja wa zamani ameondoka, na mwingine ameuliza kipimo cha vijidudu kinagharimu kiasi gani.

Mama yetu tulimpelekea nakala baada ya sala ya Ijumaa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akafika kwenye siku 34, akakuna kichwa cha kitambaa chake, kisha akaomba namba ya simu ya katibu. Alimpigia pale pale. Tulimsikia akiuliza pampu ya baba leo inasemaje, akasubiri, na upande wa pili ukasikika mchakato wa kurasa zikipekuliwa.